Kuondoa nguzo iliyokatiza mkono wa mtu na kuujenga upya mkono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Misingi

Kwa nini nguzo iliyopita mbele ya mkono ni ngumu kuliko iliyopita mbele ya ukuta au majani?

Ukuta na majani havina umbo ambalo mtazamaji analijua kwa undani. Ukiziba pengo kwa majani yaliyonakiliwa kutoka pembeni, hakuna atakayegundua kwamba jani fulani halikuwapo. Mkono ni tofauti, kwa kuwa kila mtu ana wake na huuona siku nzima. Jicho hushtuka mara tu mstari wa mkono unapopinda mahali pasipo na kiungo, au unene unapobadilika ghafla, hata kama mwenye jicho hawezi kueleza kilichomshtua.

Nyuma ya nguzo yamefichwa mambo matatu kwa pamoja: mpaka wa mkono upande wa juu na upande wa chini, mpito wa mwanga kutoka sehemu iliyoangaziwa hadi sehemu yenye kivuli, na ngozi yenyewe pamoja na vinyweleo na mistari yake. Kazi nyingi huharibika kwa sababu mhariri anajaribu kuyarudisha yote matatu kwa brashi moja, kwa pamoja. Majibu yaliyo hapa yanayatenga: mpaka kwanza, ngozi baadaye, mwanga mwisho, na kabla ya yote hayo usuli ulio nyuma ya mkono.

Je, siwezi kuchagua nguzo na kuiachia zana ya kujaza yenyewe?

Unaweza, na kwa sehemu ya nguzo iliyo juu na chini ya mkono ndivyo inavyofaa kuanza. Kwenye mkono wenyewe zana kama Content-Aware Fill hutafuta vipande vya picha vinavyolingana na kingo za pengo na kuvishona pamoja, bila kujua kwamba kinachokatizwa ni kiungo cha mwili. Matokeo yake ya kawaida ni kipande cha shati katikati ya ngozi, au mpaka wa mkono uliobonyea kama uliong'atwa.

Ukitaka kuijaribu kwenye ngozi, fungua dirisha la Content-Aware Fill, futa eneo lote la kijani linaloonyesha mahali zana inapochukulia vipande, kisha upake upya sehemu ya mkono peke yake. Kwenye Output To, chagua New Layer. Wakati mwingine utapata ngozi ya katikati ya mkono iliyo nzuri kabisa, ambayo unaweza kuitumia kama malighafi. Mpaka usiuamini hata ukionekana umekubali. Utachorwa kwa njia nyingine.

Clone Stamp na Healing Brush zinatofautianaje katika kazi hii?

Clone Stamp hunakili pikseli kama zilivyo, rangi na mwanga wake vikiwemo. Healing Brush huchukua umbile la ngozi kutoka mahali ulipolichukulia, kisha hulirekebisha rangi lilingane na kile kinachozunguka mahali unapopaka. Sifa hiyo ya pili ndiyo inayowaponza wengi: ukipaka Healing Brush wakati sehemu ya nguzo ingali pembeni, zana huihesabu nguzo kuwa sehemu ya mazingira na kuvuta rangi yake ndani ya ngozi. Unaona doa la kijivu lenye ukungu, na kila ukilipaka tena linaenea.

Kwa hiyo Clone Stamp hutangulia hadi nguzo yote imalizike, hasa karibu na mpaka wa mkono. Healing Brush huja baadaye kulainisha maungio yaliyo ndani ya ngozi, mbali na mpaka.

Lazima nitumie Photoshop?

Hapana. Majina ya zana yanayotajwa hapa ni ya Photoshop kwa sababu ndiyo wengi wanayoikuta katika maelekezo, lakini GIMP ina Clone, Heal, Paths, Warp Transform na maski za tabaka, nayo Photopea hufuata karibu mpangilio uleule wa Photoshop ndani ya kivinjari. Kinachohitajika hasa ni matabaka, maski, yaani kifuniko ambacho nyeupe yake huonyesha tabaka na nyeusi yake hulificha, na kalamu ya kuchora mikunjo. Programu ya simu isiyokuwa na hivyo vitatu itaondoa nguzo iliyo mbele ya ukuta, lakini mkono utaishinda.

## Kabla ya kugusa mkono

Nianze na mkono au na usuli?

Anza na usuli, hata kama mkono ndio unaokuwasha mikono. Mpaka wa mkono uliokamilika hukaa juu ya usuli, na wembamba wa mpito kati ya ngozi na usuli unahitaji usuli ulio safi pande zote mbili. Ukianza na mkono, baadaye utakapoondoa nguzo juu yake na chini yake utaukwaruza mpaka uliokwisha kuutengeneza.

Fungua tabaka tupu, uliite usuli, na uweke Sample kuwa Current & Below ili brashi isome picha ya asili bila kuibadilisha. Ondoa nguzo juu ya mkono na chini yake, na usiishie kwenye mpaka: usuli uingie ndani ya eneo la mkono kwa pikseli 30 au 40. Ziada hiyo itafunikwa na mkono baadaye, lakini itakuokoa mpaka ukihitaji kusogezwa kidogo.

Nitajuaje pengo linaanzia na kuishia wapi hasa?

Pengo karibu kila mara ni pana kuliko nguzo. Pembeni mwa nguzo kuna ukungu wa lenzi, na bomba la chuma linalong'aa hurusha mwanga wake kwenye ngozi iliyo jirani. Kuza picha hadi asilimia 200, uangalie pikseli zilizo nje ya ukingo wa nguzo, na uhesabu kuwa zimeharibika hadi pale rangi ya ngozi inapotulia. Katika picha kubwa, nyongeza ya pikseli 15 kila upande ni ya kawaida.

Kivuli ambacho nguzo imeutupia mkono ni jambo jingine, wala kisihesabiwe kuwa pengo. Chini ya kivuli ngozi ya kweli bado ipo, na ngozi ya kweli iliyoangazwa upya hushinda ngozi yoyote ya kunakili. Namna ya kuiokoa imeelezwa katika swali la kivuli hapa chini.

Nipimeje unene wa mkono uliofichwa?

Pima kwa pembe mraba dhidi ya mhimili wa mkono, kamwe usipime kwa wima wa nguzo. Hapa ndipo hesabu nyingi hupotea. Nguzo iliyosimama wima ikikatiza mkono ulioinama, sehemu ya mpaka wa juu iliyofichwa na sehemu ya mpaka wa chini iliyofichwa haziko mahali pamoja kwenye mkono: moja iko karibu zaidi na kiwiko na nyingine karibu zaidi na kifundo cha mkono. Ukizichukulia kama jozi, utatengeneza mkono mnene au mwembamba kupita kiasi.

Kumbuka pia kwamba mipaka miwili ya kigasha haiendi sambamba. Chini kidogo ya kiwiko kuna tumbo la misuli, kisha kigasha hupungua kuelekea kifundo, na kwa kawaida upande ulio na mfupa wa kidole kidogo hunyooka zaidi ya ule wa upande wa dole gumba. Kiganja kikigeuzwa chini, mfupa wa upande wa dole gumba huvuka juu ya mwenzake na umbo lote hubadilika. Kwa sababu hiyo kigasha kingine cha mtu huyohuyo, kama kiko katika mkao tofauti, hakifai kuwa kipimo cha kutegemewa.

## Mfano mmoja hatua kwa hatua

Mnaweza kuonyesha kazi nzima kwa picha moja?

Tuchukue picha ya pikseli 4000 kwa 6000. Mtu amesimama amekunja mkono, kiwiko kiko juu upande wa kulia wa picha, kifundo cha mkono kiko chini upande wa kushoto, na kigasha kimeinama kwa nyuzi 30 hivi kutoka mlalo. Bomba la chuma lililosimama wima, lenye upana wa pikseli 120, linapita mbele ya kigasha karibu katikati. Jua linatoka juu kushoto, kwa hiyo mgongo wa kigasha umeangaziwa, sehemu ya chini iko kwenye kivuli chake, na bomba limetupa kivuli chembamba kwenye ngozi upande wake wa kulia, yaani upande wa kiwiko.

Tukiongeza pikseli 15 kila upande, pengo lina upana wa 150. Kwa kuwa mkono umeinama, urefu wa ngozi iliyopotea tukiupima kwenye mhimili ni karibu pikseli 173. Unene nje ya pengo ni 292 upande wa kiwiko na 273 upande wa kifundo. Tofauti ya 19 ndiyo upungufu ambao mkono wetu mpya lazima uugawe polepole ndani ya pengo. Na kwa mwinamo huo, sehemu iliyofichwa ya mpaka wa chini iko karibu pikseli 160 mbele kuelekea kifundo kuliko ile ya mpaka wa juu, umbali unaokaribia urefu wa pengo lenyewe. Ndiyo maana kupima kwa wima hakusaidii.

Baada ya usuli kusafishwa, kazi huenda kwa mpangilio huu: kuokoa ngozi iliyo kivulini, kuchora mpaka, kuweka viraka vya ngozi, kulinganisha mwanga, na kurudisha chembechembe. Kila hatua ina jibu lake.

Kivuli cha nguzo kinaondolewaje bila kuharibu ngozi?

Kwa tabaka la Curves, zana ya kurekebisha mwanga na rangi, likiwa na maski, si kwa brashi ya kunakili. Weka alama mbili za kupimia rangi: moja kwenye ngozi yenye jua, nyingine ndani ya kivuli, zote mbili zikiwa katika urefu uleule wa mzunguko wa mkono ili usilinganishe mgongo wa kigasha na upande wake wa chini. Katika picha yetu, tuseme ngozi ya juani inasoma nyekundu 150, kijani 104, buluu 80, na ile ya kivulini inasoma 88, 64, 54.

Tazama kwamba nyekundu imepungua sana kuliko buluu. Kivulini mwanga wa jua umezuiwa na uliobaki ni ule wa anga, ambao una ubuluu, hivyo kukiangaza kivuli kwa kiwango kimoja kwa rangi zote huacha ngozi yenye rangi ya ugonjwa. Ndani ya Curves, fungua kila rangi peke yake na uweke nukta moja: nyekundu kutoka 88 hadi 150, kijani kutoka 64 hadi 104, buluu kutoka 54 hadi 80. Jaza maski nyeusi, kisha upake nyeupe juu ya kivuli kwa brashi laini, ukilinganisha ulaini wake na ulaini wa ukingo wa kivuli. Kivuli cha kitu kilicho karibu na mkono kina ukingo mkali; cha kitu kilicho mbali kina ukingo mpana.

Itabaki mistari myembamba kwenye kingo, mara yenye mwanga mno, mara yenye giza. Hiyo ndiyo pekee ya kushughulikia kwa Clone Stamp, kwenye tabaka jipya, kwa Opacity ya chini.

Mpaka wa mkono unachorwaje?

Kwa kalamu, yaani Pen Tool, na kwa nukta chache kuliko unavyodhani. Weka nukta moja kwenye mpaka wa juu, pikseli 150 au 200 kabla ya pengo, nyingine mara tu kabla ya pengo, ya tatu mara tu baada yake, na ya nne mbali zaidi. Ndani ya pengo usiweke nukta yoyote. Sehemu hiyo iwe mkunjo mmoja unaoongozwa na vishikio vya nukta mbili za jirani, yaani vijistari vinavyotoka kwenye nukta, na vishikio hivyo vielekee kule mpaka wa kweli unakoelekea. Nukta iliyowekwa katikati ya pengo karibu kila mara huzaa uvimbe au kibonyeo.

Fanya vivyo hivyo kwa mpaka wa chini, kisha upime unene kwa pembe mraba mahali patatu ndani ya pengo. Katika mfano wetu tunatarajia takriban 287, 282 na 278. Kipimo kikitoka 270 halafu 290, mkunjo mmoja umepinda. Usiendelee kabla hujaurekebisha.

Geuza mchoro kuwa eneo lililochaguliwa na ulitumie kama maski ya kundi zima la matabaka ya mkono, ukiwacha ulaini wa ukingo, Feather, kwenye 0.5 au 1. Ulaini kamili unausoma kwenye picha: kuza mpaka wa kweli ulio karibu na uhesabu ni pikseli ngapi zinazotumika kutoka ngozi hadi usuli. Kama ni tatu, mpaka wako nao uwe tatu. Maungio hutambulika kwa ukali usiolingana mara nyingi zaidi kuliko kwa rangi.

Ngozi ya kujazia itoke wapi?

Itoke kwenye kigasha hichohicho, pande zote mbili za pengo. Kata kipande kutoka upande wa kiwiko, nje ya kivuli tulichokiangaza, ukigeuze kuwa Smart Object ili kila badiliko la ukubwa lisipunguze ubora wake, kisha ukisogeze kuelekea pengo kwa kufuata mhimili wa mkono. Ukikisogeza kwa mlalo tu, mstari wa mwanga wa kigasha hautaungana na mwenzake, utakuwa juu zaidi au chini zaidi.

Pale kipande kilipotoka unene ni karibu 313 na kinapokwenda ni karibu 283, kwa hiyo kipunguzwe hadi asilimia 90. Kipande cha pili kutoka upande wa kifundo kinahitaji kuongezwa hadi asilimia 105 hivi. Kupunguza kunafichika vizuri, lakini kukuza hulainisha vinyweleo, na kupita asilimia 110 ngozi huanza kuonekana kama ya nta. Ndiyo maana kipande cha upande wa kiwiko kichukue sehemu kubwa ya pengo.

Viungane kwa maski, na mstari wa kuungana usiwe mnyoofu. Upitishe ukipinda kando ya vinyweleo na mikunjo ya ngozi, laini mahali ngozi ni tulivu, mkali kidogo mahali pana kinyweleo. Baada ya hapo tafuta alama iliyojirudia: kidoti cheusi, kovu, mshipa. Alama moja ikionekana mara mbili ndani ya sentimita chache, kila mtu ataiona. Ifute ile ya kunakili.

Viraka vimekaa lakini mkono unaonekana bapa. Kwa nini?

Kwa sababu mpito wa mwanga haujarudi. Kigasha ni umbo la duara: kwenye mfano wetu mng'ao uko karibu na mgongo, kisha ngozi inakolea polepole, giza zaidi liko kabla kidogo ya mpaka wa chini, na kwenye mpaka wenyewe kuna mwangaza hafifu uliorudi kutoka nguoni au chini. Wengi hupaka giza hadi ukingoni kabisa na kuusahau mwangaza huo wa mwisho. Mkono huonekana umekatwa kwa mkasi na kubandikwa.

Weka juu ya viraka tabaka mbili za Curves zilizofungwa kwenye kundi la mkono, moja ya kung'arisha na moja ya kutia giza, maski zote zikiwa nyeusi. Paka nyeupe kwa brashi pana laini yenye Flow ya asilimia 5 hadi 10, ukienda kwa kufuata urefu wa mkono, huku ukilinganisha na pande zote mbili za pengo. Kigezo ni rahisi: mstari wa mng'ao na mstari wa giza vipite pengo bila kukatika wala kubadilisha upana ghafla.

Chembechembe za kamera zina umuhimu gani?

Sehemu uliyopaka kwa brashi haina chembechembe, na sehemu uliyoipunguza ina ndogo kuliko za jirani. Kwenye kioo cha simu hutaona, lakini kwenye chapa kubwa sehemu hiyo itaonekana kama imepanguswa. Tengeneza tabaka lenye kijivu cha asilimia 50, uliweke katika hali ya Overlay, uongeze Add Noise kwa kiwango kidogo, na kama chembechembe za picha ni kubwa, zilainishe kwa Gaussian Blur ya pikseli 0.5. Kwa maski zionekane mahali zilipopungua tu.

## Kukagua kazi

Nitajuaje kwamba kazi imekubali kabla mtu mwingine hajaiona?

Jicho lako limeshazoea picha, kwa hiyo lidanganye. Igeuze picha kushoto-kulia: uvimbe kwenye mpaka ambao hukuuona utajitokeza mara moja. Kisha ipunguze hadi ukubwa wa kidole gumba, kwani kasoro za umbo huonekana vizuri zaidi picha ikiwa ndogo, ilhali kasoro za ngozi huonekana kwa asilimia 100.

Kwa mwanga, tumia tabaka la muda la Curves lenye mkunjo unaopanda na kushuka mara kadhaa. Picha itageuka mistari ya rangi za ajabu, nayo mistari hiyo hufuata mpito wa mwanga kama kontua za ramani. Ikipita pengo bila kuvunjika, mwanga umekaa. Ikivunjika au kupinda, umeona hasa mahali pa kurudi. Mimi hukiamini kipimo hiki kuliko macho yangu ya saa za jioni.

Mpaka una mstari mwembamba mweupe au mweusi. Unatoka wapi?

Mara nyingi ni mabaki ya usuli wa zamani uliokuja pamoja na kiraka, au usuli mpya ambao haukuingia vya kutosha chini ya mkono. Zima kundi la mkono uone: mstari ukibaki, tatizo liko kwenye usuli, ukitoweka, tatizo liko kwenye kiraka au maski. Katika hali ya pili, kirefushe kiraka kidogo nje ya mpaka ili maski ikate ngozi safi badala ya kukata ukingo wa kiraka chenyewe.

Kuna wakati mstari ni wa kweli. Kamera nyingi huongeza ukali wa picha na kuacha uzi wa mwanga kando ya mpaka wenye tofauti kubwa. Kama uzi huo upo kwenye mpaka wa asili pande zote za pengo, basi uurudishe na kwako, maana mpaka ulio safi kuliko jirani zake nao hujitangaza.

## Hali ngumu

Nguzo imepita juu ya kiwiko au kifundo cha mkono. Njia ni ileile?

Usuli, mwanga na chembechembe ni vilevile; mpaka ndio unaobadilika, kwa kuwa hapo mkunjo mmoja hautoshi. Kiwiko kilichokunjwa kina ncha ya mfupa upande wa nje na mkunjo wa ngozi upande wa ndani, na huwezi kubuni mahali vilipo kwa kurefusha mistari pekee. Tafuta picha nyingine ya mtu huyohuyo katika mfululizo uleule. Hata kama mkao umetofautiana kidogo, kiwiko kilichochukuliwa hapo na kurekebishwa kwa Warp au Puppet Warp kitakuwa cha kweli kuliko cha kuchora.

Kama hakuna picha nyingine na kiungo kizima kimefichwa, kupunguza fremu ya picha au kuiacha nguzo ni uamuzi wa heshima zaidi kuliko kiwiko cha kubahatisha.

Naweza kutumia mkono wa pili wa mtu huyo kwa kuugeuza?

Inawezekana mikao ikifanana, lakini ukiugeuza mkono umeugeuza na mwanga wake. Mng'ao uliokuwa kushoto sasa uko kulia, na kuupindua kwa Curves ni kazi kubwa kuliko viraka viwili vya kigasha. Njia hii inafaa penye mwanga laini wa siku ya mawingu, ambapo mwelekeo haujidhihirishi. Saa, pete na makovu vifutwe kwanza.

Mtu ameishika nguzo. Nifanye nini na vidole?

Ukiondoa nguzo, unabaki na ngumi iliyoshika hewa, tena yenye uwazi katikati. Ngozi ya ndani ya kiganja haikuwahi kupigwa picha, kwa hiyo huijengi upya, unaibuni. Ni afadhali kuiacha nguzo kipande kifupi kama fimbo, ikiwa picha inaruhusu, au kuuchukua mkono mzima kutoka picha nyingine. Sijaona ngumi tupu iliyotengenezwa kutoka mkono ulioshika nguzo ikaaminika kwa ukubwa kamili.

Mkono una mchoro wa tatuu, au ukingo wa shati umefichwa na nguzo. Je?

Ukingo wa shati ni rahisi kuliko unavyoonekana: uchore kwa kalamu kama mpaka wa tatu, ukikumbuka kwamba huzunguka mkono na hivyo huwa na mkunjo wa tao, si mstari mnyoofu. Kisha ongeza kivuli chembamba ambacho kitambaa hukitupa kwenye ngozi. Tatuu ni jambo jingine. Mistari mirefu inayopita pengo inaweza kuungwa, lakini maandishi au sura iliyofichwa haina chanzo, na mwenyewe ataona kosa hata wengine wasipoliona. Mwombe picha ya mkono wake iliyopigwa kwa pembe inayofanana.

Nguzo iko karibu sana na lenzi na imekuwa ukungu. Ni rahisi zaidi?

Ni ngumu zaidi pembeni, rahisi katikati. Kingo za ukungu zina mkono na nguzo vilivyochanganyika, na eneo hilo linaweza kuwa pana kuliko kiini cha nguzo. Usilifute lote: kwenye sehemu ambako mkono bado unaonekana kupitia ukungu, Curves zenye maski ya mpito zitarudisha utofauti wa mwanga, kwa mantiki ileile ya swali la kivuli. Anza kuweka viraka pale tu ambapo hakuna umbile la ngozi linalosomeka.

Ni picha zipi zisizofaa kuondolewa nguzo hata kama naweza?

Picha za habari, za ushahidi, na zinazopelekwa kwenye mashindano ya upigaji picha wa habari, ambako kuongeza au kuondoa kitu katika fremu kunakatazwa. Sheria za shindano la World Press Photo zinasema hivyo waziwazi. Mfano unaotajwa sana ni picha ya John Filo aliyoipiga tarehe 4 Mei 1970 katika Chuo Kikuu cha Kent State, Marekani, ambayo ilimpa tuzo ya Pulitzer mwaka 1971. Nyuma ya kichwa cha msichana aliyepiga magoti kando ya mwanafunzi aliyeuawa kwa risasi kulikuwa na nguzo ya uzio, na baadaye nakala iliyofutwa nguzo hiyo ilichapishwa, hata katika jarida la LIFE mwaka 1995. Ile nguzo haikugusa mkono wala kubadili tukio, na bado kufutwa kwake kulizua mjadala. Kwenye picha ya harusi, ya familia au ya tangazo, mwenye picha ndiye anayeamua, lakini hifadhi faili lenye matabaka yote na picha ya asili, ili anayeuliza siku moja aonyeshwe nguzo ilikuwa wapi.